Nani Aliyesema? Unukuzi wa Haki Katika Maandishi ya Fiqhi



Masika yaliyopita mmoja wa wanafunzi wetu hapa Laela aliniletea risala ya kurasa 14 ili niisome kabla hajaipeleka chuoni kwake. Maudhui yake yalikuwa kukusanya swala mbili kwa sababu ya mvua, jambo ambalo sisi watu wa nyanda za juu za Ufipa tunaulizwa kila mwaka njia zinapogeuka tope. Kiswahili chake kilikuwa safi na hukumu alizozitaja zilikuwa sahihi. Hata hivyo nilimrudishia, kwa sababu ya aya moja tu iliyokuwa ukurasa wa 5. Naieleza hapa kwa idhini yake, kwani makosa yaliyokuwamo nimeyaona pia katika vitabu vilivyochapwa na kuuzwa misikitini.

Katika aya hiyo aliandika kwamba Imamu Shafi (r.a.) amesema mambo matatu. Kwanza, inajuzu kukusanya kwa mvua kwa kuitanguliza swala ya pili katika wakati wa ya kwanza, wala haijuzu kuichelewesha ya kwanza mpaka wakati wa ya pili. Pili, ni sharti mvua iwepo pia wakati wa kutoa salamu ya swala ya kwanza. Tatu, ruhusa hii ni ya mwenye kuswali jamaa katika msikiti ulio mbali kwa ada ya watu, anayeudhiwa na mvua njiani. Yote hayo aliyatia ndani ya alama za kunukuu, na mwisho akaandika: Minhaj.

Msomaji asiyekijua kitabu hicho ataridhika. Mwenye kukijua atauliza: ni nani aliyesema nini? Minhaj ni kitabu cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), na Imamu Shafi alifariki mwaka 204 Hijria (820). Kati yao pana zaidi ya miaka mia nne na wanavyuoni wengi mno. Imamu Nawawi alilijua hilo, na katika utangulizi wake akaweka istilahi ambazo kila moja ni anwani ya mwenye kauli. Akisema "al-adhhar", maana yake Imamu Shafi mwenyewe ana kauli mbili au zaidi, na hii ndiyo iliyodhihiri zaidi. Akisema "al-aswahh", maana yake hizo si kauli za Imamu bali ni rai za wafuasi wake waliotoa hukumu kutokana na misingi yake, na hii ndiyo iliyo sahihi zaidi katika hizo. Akisema "al-jadiid", ni kauli mpya ya Imamu, yaani ile ya Misri, inayokabiliana na ile ya zamani.

Sasa turudi kwenye aya ya mwanafunzi wetu, tukifungua mlango wa swala ya msafiri. Kukataza kuchelewesha kumetajwa kuwa ni al-jadiid, kwa hiyo kumnasibishia Imamu Shafi ni sawa, ila msomaji amenyimwa habari kwamba ipo kauli ya zamani. Sharti la mvua kuwepo wakati wa salamu limetajwa kuwa ni al-aswahh. Hili si neno la Imamu Shafi kabisa. Ni rai ya wafuasi wake, nao wamehitilafiana. Na kuihusisha ruhusa na msikiti wa mbali kumetajwa kuwa ni al-adhhar, yaani Imamu ana kauli nyingine isiyokuwa hiyo. Maneno matatu madogo yameachwa katika kufasiri, na kwa kuachwa kwake mtu mmoja amebebeshwa kauli za wengine. Mwanafunzi hakukusudia uongo. Alidhani "al-aswahh" ni neno la kusifu tu, akalifasiri "sahihi zaidi", kisha akaliona linaizidishia sentensi uzito, akalifuta.

Basi mtu akiuliza namna ya kuieleza fiqhi kwa maneno yake mwenyewe pasi na kumdhulumu mwenye kauli, jibu liko hapo. Lugha yote waweza kuibadili, lakini istilahi ya nasaba haibadilishwi wala haiachwi. Ukishindwa kuifasiri, iache kwa Kiarabu na uieleze maana yake mara moja mwanzoni mwa kazi yako.

Nikaendelea kuisoma aya ile, nikasimama kwenye maneno "kwa ada ya watu". Haya hayamo katika matini ya Minhaj. Ni ya wafafanuzi waliokuja baadaye, walioeleza namna ya kuupima umbali wa msikiti. Ndugu zangu wenye kusoma sharhi wanajua kosa hili linatokea wapi. Katika chapa nyingi matini huchanganywa na sharhi katika mstari mmoja, na kinachoyatenga maneno ya Nawawi na ya mfafanuzi ni mabano tu. Mwenye kunakili kwa haraka, au kutoka kwenye kivuli kilichofifia, huruka bano moja, na mara maneno ya mtu wa karne ya kumi yanakuwa ya mtu wa karne ya saba. Dawa yake ni ndogo: usinukuu matini kutoka kwenye sharhi mpaka uilinganishe na matini iliyochapwa peke yake. Na ukiwa huna matini hiyo, sema kwamba umeyatoa maneno haya katika sharhi fulani.

Imamu Nawawi mwenyewe ametuonyesha adabu hii. Minhaj ni muhtasari wa kitabu Al-Muharrar cha Imamu Rafii, aliyefariki mwaka 623 Hijria (1226), na hilo amelitangaza mwanzoni bila kificho. Kisha, anapoongeza masuala yake mwenyewe, huanza kwa neno "qultu", yaani nimesema, na humaliza kwa "wallahu aalam". Kwa hiyo msomaji anajua nyongeza inaanzia wapi na kuishia wapi. Sisi tunayo mabano na alama za kunukuu, naye alikuwa na maneno mawili tu, lakini mipaka yake ni wazi kuliko ya vijitabu vyetu vingi. Kweli, neno moja moja aliloliongeza au kulibadili hakulitia alama kila mahali, lakini ameonya katika utangulizi kwamba atafanya hivyo. Kuonya mapema nako ni sehemu ya uadilifu.

Waandishi wa Kiarabu wana alama nyingine zinazotufaa. Mwisho wa nukuu huandika "intahaa", maana yake maneno yake yameishia hapa. Wakibadili kidogo husema "bitaswarruf", na wakichukua maana bila lafudhi husema "bilmaana". Haya ni mambo matatu mbalimbali, wala alama za kunukuu zinastahiki lile la kwanza peke yake. Mwanafunzi wetu alitia alama hizo kwenye tarjuma yake mwenyewe, iliyofupishwa na kuunganishwa kutoka sehemu tofauti za ukurasa. Ilimpasa aseme kwamba amechukua maana.

Kwa upande wa pili, ukurasa wa 9 alidai anaeleza kwa maneno yake, bila kutaja mtu. Nilipoutazama nikaona mpangilio wa sentensi ni wa kitabu kimoja cha Kiswahili ninachokifahamu, hoja kwa hoja na mfano kwa mfano. "Mbali" imekuwa "pasipo karibu", na "tope" limekuwa "matope". Huku si kueleza kwa maneno yako, ni kumvisha mtu kanzu nyingine. Anayetaka kujipima na asome, afunge kitabu, aandike alichokifahamu, kisha akifungue tena na kulinganisha. Kama mpangilio na mifano bado ni ya mwenzako, mnukuu wazi. Na hata ukipata maneno mapya kabisa, hoja ikiwa ni yake, jina lake litajwe. Yasiyohitaji kutajiwa mtu ni yale yajulikanayo na wote, kama idadi ya rakaa za adhuhuri.

Jambo hilohilo liko katika aya za Qurani. Tunaandika "Mwenyezi Mungu amesema", kisha tunafuatisha Kiswahili cha Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy, ambaye Qurani Takatifu yake ilitoka Nairobi mwaka 1969, au cha Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani, bila kumtaja mfasiri. Aya ni ya Mwenyezi Mungu, lakini kuchagua neno la Kiswahili ni ijtihadi ya mfasiri, na wawili hawa hawakuchagua sawa kila mahali. Jina moja ndani ya mabano latosha.

Lililobaki ni zito zaidi. Katika ukurasa wa 9 huohuo mwanafunzi alitaja Fat-hul Bari. Nikamuuliza jina la mlango. Akanyamaza. Alikuwa ameipata rejea hiyo ndani ya kile kitabu cha Kiswahili, akaihamisha kama ilivyo. Nikamsimulia kisa nilichokisoma katika An-Nuur As-Saafir cha Sayyid Abdulqadir Al-Aidarus, naye mwenyewe amekitaja kwa tamko la "husimuliwa", nami sikipandishi zaidi ya hapo. Husimuliwa kuwa Imamu Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria (1505), alimlalamikia Imamu Qastalani, mwenye kitabu Al-Mawahib, kwamba anachukua katika vitabu vyake bila kuvitaja. Wakafika mbele ya Sheikhul Islam Zakariya Al-Answari. Alipotakiwa kuthibitisha, Suyuti hakuleta sentensi zinazofanana. Alitaja sehemu ambazo Qastalani anasema amenukuu kutoka kwa Baihaqi, kisha akasema kwamba Baihaqi ana vitabu vingi, basi na atuambie ni katika kipi ameyaona. Qastalani hakuweza. Ikadhihiri kuwa ameyaona kwa Suyuti, na ilimpasa aseme kuwa Suyuti amenukuu kutoka kwa Baihaqi. Husimuliwa tena kwamba baadaye Qastalani alitembea kwa miguu mitupu kutoka Kairo mpaka Raudha kumtaka radhi. Suyuti akamjibu kutoka ndani kwamba moyo wake umesafika, lakini mlango hakuufungua.

Kipimo cha Suyuti ndicho ninachokitumia mpaka leo: kitabu gani, mlango gani, umekiona kwa macho yako? Jina la mlango ni bora kuliko ukurasa peke yake, kwa sababu kurasa hubadilika kila chapa. Na rejea iliyohamishwa hujulikana pia kwa kosa lake: wa kwanza akikosea juzuu, wote waliomfuata watakosea juzuu ileile.

Baada ya wiki mbili kijana alirudi na risala yake. Ukurasa wa 5 ulikuwa na wenye kauli watatu mahali pa mmoja, na Fat-hul Bari ilikuwa imetajwa kwa kupitia kwa aliyeinukuu. Lakini kile kitabu cha Kiswahili alichokitegemea kilikuwa kivuli kilichokatika jalada, hakina jina la mtunzi wala mwaka, nami ninayekifahamu sijapata kuliona jalada lake. Akaniuliza aandike nini. Nikamwambia aandike hivyohivyo: nimelipata katika nakala ya kivuli isiyo na jalada, ukurasa wa 12, na nakala iko kwangu kwa atakayetaka kuiona.