Komiti Isiyo na Hatia

Ripoti ya mauzo iliyopaswa kutoa jumla ya 48200 ilianza kutoa 48199. Toleo v3.0 lilikuwa sahihi, na tangu hapo mradi ulikuwa umeongezewa komiti zaidi ya 1,300. Kuzisoma moja moja kungetumaliza, kwa hiyo tuliiachia Git izigawe nusu kwa nusu:

```
git bisect start HEAD v3.0
git bisect run /tmp/pima.sh
```

Git huchukua komiti ya katikati, skripti huipima, kisha nusu moja hutupwa. Komiti 1,300 huisha kwa vipimo kumi au kumi na kimoja hivi. Skripti ikirudisha 0, komiti ni nzima. Ikirudisha 1, ni mbovu. Tuliiweka nje ya mradi makusudi, maana Git inaporudi nyuma kwenye historia hubadilisha faili za mradi, na skripti iliyohifadhiwa humo ingebadilika au kutoweka.

Baada ya dakika ishirini tukapata jibu: komiti iliyogusa Makefile peke yake. Hapo ndipo nilipopata shaka. Makefile inawezaje kupunguza shilingi moja kwenye jumla?

Nikafungua `git bisect log`, nikarudi kwenye komiti ile na kuijenga kwa mkono. Haikujengeka kabisa. `make` ikishindwa hurudisha 2, na `git bisect run` huhesabu namba yoyote kuanzia 1 hadi 127 kuwa ni ubovu, isipokuwa 125. Skripti yetu ilikuwa imeuliza swali jingine bila sisi kujua: ni komiti gani ya kwanza kuvunja ujenzi? Git ikalijibu hilo kwa usahihi. Kosa la hesabu lilikuwa mbele zaidi, katika nusu tuliyokwisha kuitupa.

Namba 125 maana yake ni "hii haipimiki, iruke". Skripti ikawa hivi:

```
#!/bin/sh
make -s || exit 125
./ripoti /tmp/mauzo.csv |
  grep -q 'JUMLA 48200'
```

Safari hii tulifikishwa kwenye komiti yenye mistari michache tu: mtu alikuwa amehamisha kiasi cha fedha kutoka senti kamili kwenda namba za desimali, kisha akakata sehemu ya mwisho badala ya kuikadiria. Sikuikubali hadi nilipoijenga komiti iliyoitangulia na kuiona 48200, kisha nikaiondoa yenyewe kwenye HEAD kwa `git revert`, na jumla ikarudi.

Kuruka nako kuna gharama. Kama mkosaji angekuwa katikati ya komiti zisizojengeka, Git isingeweza kumtaja peke yake. Ingetoa orodha ya washukiwa, nasi tungelazimika kuzisoma komiti hizo kwa macho.