Jedwali la tanzu lisiwe kapu la sifa

Majedwali mengi ya fasihi simulizi huipa methali na kitendawili sifa moja, "lugha ya mafumbo", na dhima moja, "kuelimisha". Hapo mwanafunzi hajatofautisha chochote, ati!

Hebu funika safu ya utanzu. Je, sifa zilizobaki zaweza kukutajia jina lake? Kwa kitendawili, andika: huanza kwa "Kitendawili! Tega!"; huhitaji mtegaji na mteguaji; anayeshindwa hutoa mji. Dhima: kunoa akili na kuburudisha. Mfano: "Nyumba yangu haina mlango" (yai).

Methali haitegwi wala haidai jibu. Huzuka katikati ya mazungumzo kuonya au kushauri, kama "Haraka haraka haina baraka". Tofauti hiyo ya utendaji ndiyo ijaze safu ya sifa.