"Hazingatii Dawa": Maneno Mawili Yaliyoivunja Noti ya Doornfontein

Mliokuwa kwenye kikao cha kesi Jumamosi ile mliiona noti yenyewe ukutani, kwa hiyo siirudii yote. Nataka tubaki kwenye mstari wa A, wenye maneno mawili tu: "Hazingatii dawa." Chini yake, kwenye P, insulini ya usiku ikapandishwa kutoka uniti 34 hadi 40, arudi baada ya miezi mitatu. Ukumbi ulikaa kimya, msemaji akapita kwenda slaidi iliyofuata. Mimi sijaweza kupita. Uamuzi ule ulikuwa kosa, na ushahidi wa kuupinga ulikuwa kwenye karatasi hiyo hiyo, mistari michache juu yake.

Tazameni kwanza A na P zinavyogombana. Kama kweli mgonjwa hatumii uniti 34, uniti 40 zitamsaidia nini? Atakuwa na dozi kubwa zaidi asiyoitumia. Na kama tunaamini anazitumia, kiasi cha kuthubutu kumwongezea, basi "hazingatii" imetoka wapi? Mwandishi hawezi kusimama pande zote mbili. P huzaliwa na A, na hapa mtoto hafanani na mzazi hata kidogo.

Mgonjwa, ambaye ameniruhusu nimweleze, ni mlinzi wa usiku kwenye bohari moja ya Doornfontein, mzaliwa wa Bukavu, kilo 78, mwaka wa saba wa kisukari aina ya pili. Anatumia metformini gramu 1 mara mbili kwa siku na insulini ya NPH saa tatu usiku, basi. Katika miezi tisa insulini ile imepandishwa kutoka 10 hadi 18, hadi 26, hadi 34. HbA1c katika kipindi hicho: 9.8, kisha 9.9, kisha 10.1. Presha, figo, uzito na orodha ya dawa viliandikwa kwa usafi, na sina neno hapo.

S nayo iliandikwa na mtu anayejua kazi. Nesi wa mapokezi anasikia Kiswahili cha Kivu, na badala ya kufupisha alinukuu maneno ya mzee mwenyewe: "Najichomaka kila siku, ile fasi yenye haiumake." Anajidunga kila siku, mahali pale pasipouma. Ukishafanya kazi na wanaojidunga insulini, sentensi hiyo inakusimamisha. Mahali pasipouma kwa mtu aliyejidunga miezi tisa ni mahali palipochoka. Mafuta ya chini ya ngozi yamevimba na kuwa kama mpira, hisia zimepungua, na kwa kuwa hapaumi, mkono unarudi hapo hapo kila usiku. Hiyo ndiyo lipohaipatrofi. Insulini ikiingia humo hainyonywi kwa utaratibu: leo inabaki humo, kesho inatoka kwa wingi.

O ilikuwa na jibu la pili. Mzee hupima sukari asubuhi akitoka zamu, kabla ya kula, na glukomita yake ilionyesha 15.8, 4.1, 17.2, 3.7, 14.9. Nesi alinakili zote. Daktari aliona 17.2. Mimi naiona 3.7. Metformini peke yake haimshushi mtu hadi 3.7 kwa kawaida, na mzee huyu hana dawa nyingine ya kushusha isipokuwa ile sindano. Namba ile ni shahidi wake. Inasema insulini iliingia mwilini.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki: anayeruka siku naye hupanda na kushuka. Ndiyo maana A ilipaswa kubeba maelezo yote mawili, pamoja na njia ya kuyatenganisha. Njia zilikuwepo mezani. Kalamu ya insulini ina uniti 300. Kwa uniti 34 kila usiku, pamoja na 2 za kutoa hewa, kalamu huisha katika siku nane hivi. Mzee alikuwa na siku 26 tangu achukue dawa, na kwenye mfuko wake wa plastiki mlikuwa na kalamu tatu tupu na ya nne imeanza. Mahesabu yanakubaliana naye karibu siku kwa siku. Njia ya pili ni kumwambia afunue tumbo.

Nilimwona siku tatu baada ya noti ile, alipokuja kuuliza juu ya dozi mpya. Nilimsimamisha karibu na dirisha ili mwanga upige tumbo kwa upande, maana mwanga wa juu huficha uvimbe. Kushoto kwa kitovu ngozi iliinuka kidogo. Nikalowesha vidole kwa maji ya sabuni, nikavitelezesha polepole kutoka kulia kwenda kushoto. Kulia nyama ilikuwa laini, inabanika kati ya vidole viwili. Kushoto vidole viligonga ukingo, kisha kikafuata kitu kigumu chenye kuteleza, sentimita 6 kwa 4 kwa rula, kisichobanika. Nilipomuuliza anajidunga vipi, alinionyesha: amesimama kwenye kibanda cha geti, koti limefungwa, mkono wa kushoto unavuta shati, wa kulia unadunga. Kwa mkao huo hakuna pahali pengine panapofikika. Yote hayo hayakuchukua dakika mbili.

Nasisitiza hatari ya P ile kwa sababu kikaoni iliitwa "hatua ya tahadhari". Uniti 40 kwa kilo 78 ni zaidi ya nusu uniti kwa kila kilo, kiwango ambacho insulini ya usiku ikikifikia bila matokeo, mtu hutakiwa kusimama na kuuliza kwa nini. Na siku mzee huyu, kwa bahati tu, angedunga upande wa kulia, uniti zote 40 zingeingia kwenye nyama nzima. NPH hupanda kileleni kati ya saa nne na kumi baada ya kudungwa. Kwa aliyedunga saa tatu usiku, hiyo ni kuanzia saa saba usiku hadi alfajiri. Yuko peke yake getini.

Hili si jambo la nadra. Mwaka 2013 watafiti wa Hispania waliwapima wagonjwa 430 wanaojidunga insulini, na karibu theluthi mbili walikuwa na uvimbe huo. Mapendekezo ya kimataifa ya udungaji yaliyochapishwa 2016 yanasema wazi kwamba mgonjwa akihamishwa kutoka kwenye uvimbe kwenda nyama nzima, dozi ishushwe kwa kufuatiliwa, na mara nyingi inashuka kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa hiyo mwelekeo sahihi wa dozi siku ile ulikuwa chini. Sisi tulipandisha.

Hapa nitarudi kwa mzee Lawrence Weed, na wanaonisoma kila mara watanivumilia. Alipochapisha makala zake kwenye jarida la tiba la New England mwaka 1968, herufi hizi nne hazikuwa fomu ya kujaza. Kila tatizo lilikuwa na namba yake, na kila namba ilikuwa na S, O, A na P yake. Itazameni ile hotuba yake ya mwaka 1971 pale Emory, anavyoshika faili na kudai kuonyeshwa fikra zilipo. Sisi tumebaki na herufi, tumeacha namba. A moja inabeba kisukari, presha na miguu pamoja, halafu tunashangaa inapojazwa tabia ya mgonjwa badala ya ugonjwa. "Hazingatii" si tathmini. Ni lawama, na ikishaandikwa hunakiliwa ziara baada ya ziara, hadi anayefuata haulizi tena. Ndugu yake ni "anadai" kwenye S, neno ambalo nimelipigia kelele miaka yote. Mgonjwa anasema; andika "anasema".

Kwa Weed, noti ile ingesomeka hivi, na ni fupi kuliko mnavyodhani:

Tatizo 1, sukari juu na yenye kuyumba. S: anajidunga kila usiku, sehemu moja isiyouma. O: HbA1c 10.1 baada ya kupandishwa dozi mara tatu, asubuhi 3.7 hadi 17.2, kalamu zinalingana na dozi, uvimbe 6 kwa 4 kushoto kwa kitovu. A: insulini hainyonywi sawasawa kwa sababu ya uvimbe wa sindano, kuruka dozi hakuelekei, kwa hesabu ya kalamu na 3.7. P: asidunge kushoto kabisa, ahamie paja, kila tundu sentimita 1 kutoka lililopita, sindano mpya kila mara, shusha 34 hadi 27, apime kila akitoka zamu na saa nane usiku kwa wiki ya kwanza, chini ya 4 ale sukari na apige simu, arudi wiki mbili.

Kila kilichoko S na O kimejibiwa ndani ya A, na kila agizo la P lina sababu inayoonekana. Waliotetea noti ya kwanza walisema foleni ilikuwa ndefu. Najua foleni ya pale. Watu hupanga mstari kabla jua halijatoka. Lakini mwenye haraka ndiye anayehitaji kuandika A mwisho, kisha apandishe jicho kwenye S na O na kuuliza kila namba imeelezwa na nani. 3.7 ingeinua mkono.

Neno moja la miguu, kisha niache. Tatizo 2 halikuwepo. O ilisema "miguu: sawa", na mzee ananiambia hakuvua buti. Hii ni Doornfontein, ambako Chuo Kikuu cha Johannesburg kinafundisha wataalamu wa miguu kwenye kampasi yake. Dar es Salaam, Dk. Zulfiqarali Abbas ametumia miaka mingi kuwafundisha manesi na madaktari wavue viatu vya mgonjwa kwanza ndipo waandike. Ukiwa hukuvua buti, andika "miguu haikupimwa", ili mwenzako wa ziara ijayo ajue pa kuanzia.

Mzee alirudi baada ya wiki mbili. Asubuhi zake zilikuwa kati ya 7.9 na 11.3, bado juu, ila hazirukiruki tena, na hakuna iliyoshuka chini ya 4. Sasa uniti 27 zinaweza kupandishwa mbili mbili kwa kuaminika, na HbA1c itasubiri miezi mitatu itimie. Nikamuuliza sindano zinaendaje. Akashika paja. "Huku inaumaka, mama," akasema, na nikaiandika kwenye S kama alivyoisema.