Mstari Uliojificha Ukurasa wa Pili

Taarifa ya msimamizi wa zamu ya usiku ilinifikia saa moja asubuhi, kurasa mbili zilizojaa jenereta. Umeme wa ghala la chanjo ulikatika saa 7:40 usiku, jenereta ikagoma, mlinzi akatumwa kumwamsha fundi. Joto la chumba baridi lilipanda hadi nyuzi 9.4 kabla umeme haujarudi saa 9:55. Aliandika kwa mpangilio wa saa, na hivyo ndivyo inavyopaswa, kwa kuwa taarifa yake ni kumbukumbu. Wakurugenzi nao walihitaji kuamua kabla ya saa tatu kama gari la usambazaji liondoke.

Nikaanza na swali moja: ni kipi kingebadilisha uamuzi huo? Si jenereta. Kirekodi joto cha siku 30 hupiga kengele ya joto baada ya saa 10 mfululizo juu ya nyuzi 8, na hapa hazikutimia hata tatu. Jibu lilikuwa ukurasa wa pili, katika sentensi moja: umeme uliporudi, mtambo wa kupoza haukujizima, na chumba kilikaa chini ya nyuzi -0.5 kwa dakika 70. Kengele ya baridi huhitaji dakika 60 tu. Chanjo ya pentavalenti ikiganda, imeharibika.

Msimamizi aliongeza kuwa alama za joto kwenye vichupa ziko sawa. Ni kweli, lakini alama hizo hupima joto tu, kuganda hazikuonyeshi. Ningeinakili sentensi hiyo, ningewatuliza wakubwa kwa jambo lisilohusika.

Muhtasari ukawa hivi: “Dozi 12,600 za pentavalenti huenda ziliganda usiku wa kuamkia leo, chumba kilikaa chini ya nyuzi -0.5 kwa dakika 70. Zote zimetengwa. Umeme ulikatika, jenereta haikuwaka, na uliporudi mtambo wa kupoza haukujizima. Chanzo bado kinachunguzwa. Tunaomba usambazaji wa leo usitishwe hadi jaribio la kutikisa likamilike saa 10 jioni.”

Neno “huenda” nililiacha makusudi. Kirekodi hupima hewa ya chumba, hakioni ndani ya kichupa; ndiyo maana kichupa kinachoshukiwa hutikiswa pamoja na kingine cha toleo lilelile kilichogandishwa kusudi kisha kikayeyushwa, ili kuona kipi mashapo yake yanashuka upesi. Maneno ya msimamizi “pengine betri imekufa”, kuhusu jenereta, niliyaondoa. Dhana ya saa nane usiku ikifika juu bila “pengine” yake, kesho inanunuliwa betri.

Kabla ya kutuma nilimpigia msimamizi nikamsomea. Alinikatiza kwenye “zote zimetengwa”. Taarifa yake haikusema hivyo, nilijazia mwenyewe. Masanduku manne yalikuwa yameondoka saa 12:30 na gari la wilaya.

Sentensi ya pili ikaandikwa upya, na dereva akapigiwa simu arudi.