Mtumishi kajipa 1, msimamizi kampa 3

Katika fomu ya OPRAS, mbele ya kila lengo, kulikuwa na nafasi tatu za alama: ya mtumishi, ya msimamizi wake na ile waliyokubaliana; alama 1 ilikuwa ya juu kabisa na 5 ya chini kabisa. Mfumo huo ulipoanza mwaka 2004 katika utumishi wa umma Tanzania, uliondoa taarifa za siri ambazo bosi alizijaza peke yake. Tathmini ikawa ya wazi, na kwa uwazi huo tofauti za alama zikaanza kuonekana mezani. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 kazi hiyo imehamia kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki, lakini mazungumzo ya watu wawili wasiokubaliana bado hayana mashine ya kuyafanya.

Nafasi ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu. Kwa miaka mingi niliona ilivyojazwa: mtumishi kajipa 1, msimamizi kampa 3, wanaandika 2 na kutia saini. Hakuna aliyegombana, lakini hakuna aliyejifunza kitu. Mtumishi anatoka akiamini amepunjwa, msimamizi anatoka akiamini amehurumia, na mwakani pengo linarudi palepale.

Nitaeleza kikao kimoja kilichokwenda vinginevyo. Ilikuwa Juni 2022, katika halmashauri moja ambako niliombwa kukaa kama mwangalizi, nafasi ambayo fomu yenyewe iliitambua. Mtumishi alikuwa afisa maendeleo ya jamii anayeshughulikia mikopo ya vikundi, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Msimamizi wake alikuwa mkuu wa idara. Kila mmoja alijaza alama zake bila kuona za mwenzake, wakabadilishana karatasi siku mbili kabla ya kikao. Siku hizo mbili zina kazi yake: mshtuko wa kuona 4 mahali ulipotarajia 2 unapoa ukiwa nyumbani, si mbele ya bosi.

Walikubaliana kujadili mistari yenye tofauti ya alama mbili au zaidi tu. Ikabaki mitatu.

Kabla ya kugusa mstari wowote, niliwauliza swali moja: kwenu hapa, 3 ni nini? Katika OPRAS, 3 ilikuwa wastani. Mkuu alisema 3 ni mtu aliyefanya kazi yake sawasawa. Mtumishi alisema 3 ni mtu aliyeshindwa kwa heshima. Kumbe sehemu ya ugomvi ilikuwa kipimo, wala haikuhusu kazi. Basi wakakiandika: 1 ni kuvuka lengo kwa sehemu moja ya kumi au zaidi, 2 ni kulifikia, 3 ni kufika walau sehemu tisa za kumi, 4 ni chini ya hapo, na 5 ni kutofika hata nusu. Kipimo hiki kilipaswa kuandikwa Julai, mwaka unapoanza. Kwa kuwa hakikuandikwa, ilibidi kikubaliwe kabla ya namba za mwaka kufunguliwa, mtu asije akakikata kwa vipimo vya mwili wake.

Mstari wa kwanza: kufundisha vikundi 30. Mtumishi kajipa 1, mkuu kampa 3. Mkuu hakusema, "Umejipendelea." Alisema, "Nionyeshe ulichotazama ukafika kwenye 1." Mtumishi akatoa madaftari ya mahudhurio ya vikundi 34. Mkuu akatoa taarifa ya robo ya tatu: vikundi 25. Vikundi tisa vilifundishwa kati ya Aprili na Juni, na taarifa yake ilikuwa haijafika mezani kwa mkuu. Kila mmoja alikuwa amesema kweli kuhusu karatasi aliyoiona. Kwa kipimo chao, kuvuka 30 kwa sehemu moja ya kumi ni 33. Walikuwa na 34. Mkuu akaandika 1, bila kupitia 2.

Hapo kikao kiligeuka. Mtumishi alikuwa ameshuhudia bosi wake akiacha alama yake yote kwa sababu ya ushahidi. Hilo lilimwandaa kwa mstari wa pili kuliko maneno yoyote laini.

Lengo la pili lilikuwa kukusanya asilimia 80 ya marejesho. Kati ya shilingi milioni 25 zilizostahili kulipwa, zilirudi milioni 14.5, yaani asilimia 58. Mtumishi kajipa 2, mkuu kampa 4. Daftari lao lilikuwa moja. Walichotofautiana ni nini kihesabiwe. Mtumishi alihesabu jasho: safari za kila wiki kwenda kwa wadaiwa, na vikundi viwili ambavyo mashamba yao yalisombwa na mafuriko. Mkuu alihesabu fedha zilizoingia.

Tofauti ya namna hii haimalizwi kwa kusema juhudi hazina maana, wala kwa kuzipa alama ya matokeo. Inamalizwa kwa kutenga kilicho nje ya uwezo wa mtu, kisha kupima kinachobaki. Vikundi vile viwili vilidaiwa milioni 4 na havikulipa chochote. Ukiviondoa, zinabaki milioni 21, na milioni 14.5 ni asilimia 69 yake. Sehemu tisa za kumi za lengo la 80 ni 72. Bado ni 4. Mtumishi alikaa kimya kidogo, akasema, "Sawa, mkuu, hiyo nimeiona." Mkuu naye akakiri lake: mapitio ya Desemba yaliruhusu kurekebisha lengo, na hakuna kati yao aliyelileta suala la mafuriko. Wakaliandika hilo kwenye maoni.

Mstari wa tatu, mawasiliano na usikivu, haukuwa na namba. Mtumishi kajipa 1, mkuu kampa 4. Mkuu aliombwa mifano mitatu kutoka miezi tofauti. Alipata mmoja, kikao cha Mei ambapo mtumishi alimpinga mbele ya madiwani. Mfano mmoja wa karibuni ulikuwa umeufunika mwaka mzima. Lakini mtumishi naye hakuwa na ushahidi wa 1 zaidi ya kusema hajawahi kulalamikiwa. Sauti zikaanza kupanda. Tukasimama kwa dakika kumi, wakanywa chai, wakarudi.

Hawakukubaliana. Mkuu alishuka hadi 3, mtumishi akabaki na 1, na kila mmoja akaandika sababu zake katika sehemu ya maoni. Kulazimisha 2 hapo kungekuwa kuficha. Badala yake waliandika kitakachotazamwa mwaka unaofuata: taarifa ya kila robo kufika kabla ya tarehe 5, na hoja za kupingana zielezwe ofisini kabla ya kikao cha nje.

Ukitaka kujua kama mapengo katika ofisi yako yanajadiliwa au yanafunikwa, pitia alama zilizokubaliwa. Kama karibu zote ziko katikati ya zile mbili, watu wamegawana tofauti. Katika kikao kile mstari mmoja ulikwenda wote kwa mtumishi, mmoja wote kwa mkuu, na mmoja ukabaki wazi. Nilipotia saini kama mwangalizi, ile taarifa ya vikundi tisa ilikuwa tayari imefungwa katika jalada la mkuu.