Bei mpya inaanza na tukio gani?

Mwishoni kabisa mwa Desemba 2016, EWURA ilitangaza kwamba umeme wa TANESCO ungepanda kwa asilimia 8.53 kuanzia Januari mosi. Kati ya tangazo na tarehe yenyewe zilibaki siku za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Bei ile haikufika popote: Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, aliisitisha, na Januari mosi 2017 Rais Magufuli akatengua uteuzi wa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, Mhandisi Felchesmi Mramba. Haitakuwa haki kusema muda mfupi wa taarifa ndio ulioiangusha bei hiyo, maana hoja iliyotolewa ilikuwa uzito wa gharama kwa wananchi na viwanda. Hata hivyo, tukiweka siasa pembeni, tangazo lile linafaa kuchambuliwa na yeyote anayekusudia kuwapandishia bei wateja alionao, awe na ofisi ya kutoa mizigo karibu na bandari ya Malindi au kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli za Mji Mkongwe.

Mtetezi wa tangazo lile ana la kusema. TANESCO ilipeleka ombi mapema, wadau wakaitwa mkutanoni kutoa maoni, kwa hiyo aliyetaka kujua alijua. Ni kweli, lakini ombi lilikuwa la asilimia 18.19, na kilichoidhinishwa hakikufika hata nusu yake. Mwenye kiwanda cha barafu aliyefuata mkutano ule alijua kwamba huenda umeme ukapanda; kwa kiasi gani na lini, hakujua. Hangeweza kukaa na wanunuzi wake akawapa bei mpya ya barafu kwa kutegemea jambo ambalo halijaamuliwa. Tetesi za kupanda kwa bei si taarifa, hata zikitoka kwenye mkutano rasmi. Muda wa taarifa huanza kuhesabiwa siku mteja anapopata vitu viwili pamoja, kiasi na tarehe, na mwenye biashara anayesema “tuliwaambia tangu mwaka jana kwamba hali ni ngumu” bado hajawaambia kitu.

Tarehe nayo ina mtego wake, kwa sababu biashara moja huwa na matukio kadhaa: kuagiza, kupokea mzigo, kuukabidhi, kutoa ankara, kulipa. Katika umeme wa kulipia kabla, kama LUKU ya Bara au TUKUZA ya ZECO hapa Zanzibar, bei hushika pale unaponunua uniti. Ulizonunua jana ni zako hata ukiziwasha wiki ijayo. Kwa anayetumia kwanza akalipa mwisho wa mwezi, maneno “kuanzia tarehe mosi” hayamwambii kama ni matumizi ya kuanzia siku hiyo au ni ankara inayotoka siku hiyo, na tofauti ya tafsiri hizo mbili ni mwezi mzima. Rwanda ilipopandisha kibali cha kuwaona sokwe wa milimani, tarehe 6 Mei 2017, kutoka dola 750 hadi 1,500, haikutoa muda wowote. Bei ilianza papo hapo. Ila ilieleza kwamba vibali vilivyokwisha kununuliwa havitaguswa. Ongezeko lilikuwa kali na waongoza watalii walilalamika, lakini mwenye kibali mkononi hakuwa na la kubishania. Kwetu pwani kuna la ziada. Siku ya Kiswahili huingia magharibi, na usiku wa Ijumaa ni ule ambao wengine huuita Alhamisi usiku. Ukiandika “kuanzia usiku wa Jumatatu” umeshajitafutia ugomvi.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa kiwanda cha kufulia kilichopo Malindi kinachotoza hoteli ndogo shilingi 1,000 kwa kilo na kinataka kufika 1,150. Hoteli ya vyumba kumi inayopeleka kilo 20 kwa siku hufikisha kilo 600 kwa mwezi, kwa hiyo ongezeko lake ni shilingi 90,000. Si fedha ya kuifunga hoteli. Tatizo lake ni kwamba vyumba vya msimu mkubwa, unaoanza Juni, huwa vimeshauzwa kwa mawakala wa nje kwa bei iliyoafikiwa muda mrefu nyuma, na hoteli haiwezi kumrudia mgeni aliyelipa ikamdai nyongeza ya mashuka. Ndiyo maana muda wa haki haupimwi kwa desturi ya “siku thelathini” tu. Hupimwa kwa kuuliza mteja huyu anahitaji muda gani ili aipeleke gharama mbele, au ajaribu kwa mfuaji mwingine bila kukwama. Kwa hoteli hizi, taarifa ya mwanzoni mwa Machi, kwa bei inayoanza Juni mosi, inaipa hoteli miezi mitatu ya kupanga, tena inaipitisha masika kwa bei ya zamani wakati vyumba vingi ni vitupu. Mteja wa dukani anayeleta kanzu mbili na shuka hana mkataba na mtu. Bango la wiki mbili ukutani linamtosha.

Kiwanda kitasema: sabuni na dizeli ya jenereta vimepanda leo, miezi mitatu nitaila hasara mwenyewe? Ndiyo, na hasara hiyo inahesabika. Kwa hoteli ile moja ni shilingi 270,000 zinazosamehewa, na wenye hoteli za namna hiyo wakiwa kumi ni milioni 2 na laki 7. Ni gharama ya kuijumlisha katika bei mpya tangu mwanzo, kama mwenye kiwanda anavyojumlisha kodi ya pango. Asiyeweza kabisa kuibeba anaweza kupandisha kwa awamu mbili, lakini awamu zote mbili ziwe kwenye barua moja.

Kipingamizi kizito zaidi kinatoka kwenye mafuta. ZURA hutangaza bei kila mwezi, nazo huanza tarehe 9, kwa kawaida siku moja tu baada ya kutangazwa, na hilo halihesabiki kuwa uonevu. Sababu ni kwamba petroli inawekeka. Ukitangaza miezi mitatu kabla kwamba itapanda, dereva atajaza madumu na mwenye kituo atafunga pampu asubiri faida. Kwa bidhaa ya namna hiyo, na saruji imo, taarifa ndefu inazaa uhaba. Mashuka machafu hayawekeki. Hakuna hoteli itakayofua ya Julai mwezi Mei, na huduma karibu zote ziko hivyo.

Barua yenyewe basi haihitaji kurasa. “Mzigo wowote tutakaoupokea kuanzia asubuhi ya tarehe 1 Juni utatozwa shilingi 1,150 kwa kilo badala ya 1,000. Uliopokelewa kabla ya hapo utatozwa bei ya zamani, hata ukirudishwa au ankara yake ikitoka baadaye.” Aya ya kuomba radhi na kusimulia hali ya uchumi huja baada ya maneno haya, ikibidi. Na palipo na mkataba wa bei maalumu usioruhusu mabadiliko kabla ya muda wake, barua hiyo ni ombi tu: mteja akikataa, bei ya zamani inasimama mpaka mkataba uishe. Mwenye kiwanda apate saini ya mteja huyo. Asipoipata, atajua Juni itakapokwisha, pale hoteli itakapolipa ankara ya kilo 600 kwa shilingi laki 6 kamili na kuziacha zile elfu 90 zikining'inia.