Ishirini na moja haishuki duarani

Nianze na kosa lenyewe, maana mengine yalikwenda vizuri. Yule mwenye duara wa Nyarugusu, ambaye habari yake imezungumzwa kwenye vijiwe vya Kalangalala mpaka imechakaa, alidaivati simu yake kabla ya kushuka chini. Akamchagua mtoto wa kaka yake, kijana anayeshinda dukani hapa mjini. Akaandika namba bila kukosea na akasubiri jibu la mtandao. Yote safi. Kisha mzee wetu akaharibu kazi nzima kwa tarakimu mbili: alibonyeza 21 mahali pa 62.

Alichobonyeza ni hiki:

```
**21*07XXXXXXXX#
```

Alichopaswa kubonyeza ni hiki:

```
**62*07XXXXXXXX#
```

Mlioifuatilia habari hii mnajua ilivyoisha. Alipanda juu jioni, akaoga, akala, akakaa na simu yake mkononi ikiwa na chaji na mnara umejaa. Haikuita. Kesho yake haikuita. Wakati huohuo kijana wa dukani alikuwa amesafiri na simu yake imezima. Kila aliyempigia mzee aliambiwa kwamba simu anayopiga haipatikani. Broka aliyekuwa akisubiri mzigo wake akahitimisha kwamba mzee amezima simu makusudi, na katika biashara ya dhahabu mtu aliyezima simu siku ya malipo huitwa jina baya haraka sana. Wakausema mtandao kuwa mbovu, wakamsema mzee kuwa mwizi. Mtandao ulifanya kila ulichoamriwa.

Hebu tukae hapo kwenye 21, kwa sababu ndipo mechi ilipopotea. Ishirini na moja ni daivati isiyo na sharti. Simu inapoingia, mtandao hautafuti kabisa mahali ulipo. Unasoma kwenye kumbukumbu yake kuu kwamba laini hii imehamishwa, unaigeuza simu hapohapo na kuipeleka kwenye namba ya pili. Uwe duarani, uwe sebuleni, uwe umeikodolea macho simu yako, ni mamoja. Kwa kuwa simu haikuguswa, hata kwenye orodha ya simu zilizokukosa hakuna kitu. Namba ya pili nayo ikiwa imezima, anayepiga anasikia habari za simu iliyozimwa na anadhani ni yako.

Sitini na mbili ina sharti moja: kutopatikana. Ukizima simu, kifaa chako huuaga mtandao, na anayepiga hugeuzwa mara moja. Ukishuka kwenye shimo na mnara ukakatika ghafla, simu haikupata nafasi ya kuaga, hivyo mtandao unadhani bado upo. Unakuita kwenye minara ya eneo lako, unasubiri sekunde kadhaa, haupati jibu, ndipo unageuza. Anayepiga atasikia kimya kidogo kabla ya kuanza kuita kwa kijana wa dukani. Hiyo ndiyo hasara yake yote.

Na hapa ndipo ubora wake. Ukipanda juu, simu ikashika mnara na kujiandikisha upya, sharti limekwisha. Simu inayofuata itaita kwako. Huna cha kukumbuka wala cha kufuta. Mtu aliyetoka chini akiwa na vumbi mpaka kwenye kope hawezi kutegemewa kukumbuka kwamba asubuhi alibonyeza nyota nyota ishirini na moja. Namba inayomtaka mchimbaji akumbuke kitu akiwa amechoka ni namba isiyomfaa mchimbaji.

Nimeshasema mara nyingi hapa kwamba lawama nyingine ni ya waliopanga menyu za simu. Fungua mipangilio ya daivati kwenye simu ya Android. Ya kwanza juu kabisa ni `Always forward`. Zinafuata `When busy` na `When unanswered`, na `When unreachable`, ambayo ndiyo 62, imewekwa chini kabisa. Wamemkaribisha mtu kwa chaguo lenye hatari kuliko yote! Halafu ukimaliza, skrini inakuambia `Registration was successful`, maneno yaleyale kwa 21 na kwa 62. Mzee aliyaona maneno hayo, akaridhika, akashuka. Kwa upande wake kazi ilikuwa imefanikiwa.

Simu za zamani zilikuwa na adabu kuliko hizi. Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilikuwekea alama ya mshale kwenye kioo simu zote zinapodaivatiwa, na kioo chenyewe kilikuwa na vitu vichache kiasi kwamba mshale hukuweza kuupita. Simu nyingi za leo nazo zinao, ila umejibana juu katikati ya alama za betri, kengele, blututhi na laini mbili. Nani atauona? Na nyuma zaidi, enzi za Posta na Simu, kabla shirika halijagawanywa mwaka 1994, ofisi yenye ubao wa simu ilikuwa na opereta. Ulimwambia, "Mama, simu zangu zipeleke stoo, nitarudi saa tisa." Saa tisa akikuona unapita korido alikuuliza kama azirudishe. Hakuna kompyuta ya kampuni yoyote ya simu iliyowahi kumuuliza mteja wake swali hilo.

Turudi kwa mzee, maana kosa la pili lilifanywa na fundi. Alipelekewa simu, akaizima na kuiwasha. Haikusaidia. Akafuta kila kitu kwenye simu, picha za wajukuu zikaenda na maji. Haikusaidia, na isingeweza kusaidia, kwa sababu daivati haikai kwenye simu. Inakaa kwenye kumbukumbu za mtandao, imefungamana na laini. Ungeihamishia ile laini kwenye simu mpya ya dukani, daivati ingeifuata.

Mwisho fundi akatoa dawa ya mafundi wote, `##002#`, ambayo hufuta daivati za kila aina kwa mkupuo. Ikajibu kwamba imefuta. Simu bado haikuita! Simu ya mzee ina laini mbili, na fundi alituma amri kupitia laini ya kwanza ilhali daivati ilikuwa kwenye ya pili. Mtandao ukiambiwa ufute kisichokuwepo, mara nyingi hujibu tu kwamba umefuta. Ndiyo maana nagombana na watu wa `##002#`. Wanatibu kabla ya kupima.

Kipimo kipo, na ni bure. Nyota, reli, ishirini na moja, reli:

```
*#21#
```

Chagua laini unayoishuku, bonyeza, soma jibu. Kama daivati ya sauti imewashwa, ifute yenyewe peke yake:

```
##21#
```

Rudia kwenye laini ya pili. Reli moja, yaani `#21#`, huizima tu na namba hubaki imehifadhiwa. Reli mbili huing'oa. Faida ya kung'oa 21 peke yake ni kwamba 61, 62 na 67 ulizoziweka zinabaki na kurudi kazini, kwa kuwa 21 ikiwa hai hizo nyingine hulala.

Dalili zilikuwa wazi hata kabla ya kipimo. Mzee alikuwa akipiga simu na kupokelewa. Meseji za kawaida zilikuwa zinaingia, kwa kuwa daivati ya sauti haigusi meseji. Simu za WhatsApp ziliita, kwa kuwa hizo hupita kwenye bando la intaneti. Kabla kijana hajazima simu, salio la kawaida la mzee lilipungua bila yeye kupiga, kwa sababu kipande cha pili cha simu iliyogeuzwa hulipiwa na aliyegeuza. Laini inayotoa simu, inayopokea meseji, na isiyoita kamwe: mwenye macho hapo hahitaji fundi.

Kuna uzushi unaozunguka kila mwaka na siuachi upite. Eti ukibonyeza `*#21#` au `*#62#` na ukaona namba usiyoijua, basi unadukuliwa. Jibu la `*#62#` mara nyingi huonyesha namba ya mtandao wenyewe, ya sanduku la ujumbe wa sauti au ya huduma inayokutumia meseji ya "alikupigia". Voismeli nayo ni daivati kama nyingine: 61 usipopokea, 62 usipopatikana, 67 ukiwa unaongea, zote tatu zikielekezwa kwenye mashine. Ukitaka kuziweka kwa pamoja kuna 004. Kwamba watu wetu wakimsikia yule mama wa kwenye mashine hukata kabla ya mlio, kwa sababu akipokea yeye dakika zinahesabika, ni malalamiko yangu ya siku nyingi na sitayarudia.

Namba ngeni kwenye `*#21#` ndiyo ya kushughulikia. Kama hukuiweka wewe wala mtu wako, ing'oe kwanza, maswali baadaye. Matapeli hupiga wakijifanya huduma kwa wateja na kumwomba mtu abonyeze nyota, ishirini na moja au sitini na saba, kisha namba "ya kurekebisha mtandao". Namba hiyo ni yao. Baada ya hapo wanaiomba WhatsApp itume namba ya uthibitisho kwa simu ya sauti, na simu hiyo inawafikia wao. India ilichoshwa na mchezo huu kiasi kwamba serikali yake iliagiza daivati za kubonyeza nyota na reli zisimamishwe kuanzia tarehe 15 Aprili 2024. Kwetu bado zinafanya kazi, na meseji ya tapeli inapelekwa TCRA kwa namba 15040.

Je, 21 haina pahali? Inapo. Mlinzi wa zamu anayeiacha simu ya ofisi mezani na kuondoka na yake anaihitaji, kwa sababu simu ya mezani inapatikana muda wote na 62 isingefanya kitu. Anayepanda kwenye eneo la karasha, ambako mnara upo ila kelele hazimruhusu kusikia, ana 61, na anaweza kuipangia muda wa kuita kabla ya kugeuka, kuanzia sekunde 5 hadi 30 kwa hatua za tano tano:

```
**61*07XXXXXXXX*11*20#
```

Hiyo 20 ni sekunde, na 11 inauambia mtandao kwamba ni simu za sauti. Lakini duarani, chini kabisa, ambako hakuna mnara na hakuna wa kukukumbusha, jibu ni moja tangu GSM ianze. Mzee ana haki ya kumdai broka msamaha kwa yale aliyosema. Ila akishuka tena na 21, mimi nitakuwa upande wa broka.